Kufuta chembe na kuongeza mapambo kwenye picha ya menyu bila kubadili kipimo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfano unaojirudia katika majibu haya ni mmoja: sahani nyeupe yenye sambusa nne za nyama, iliyopigwa karibu na dirisha la mgahawa kwa ajili ya menyu ya kuchapwa na ya mtandaoni. Ukingoni mwa sahani kuna vipande vya manda vilivyokatika, kuna tone la mafuta na alama ya kidole gumba. Mwenye mgahawa anataka usafi, na anataka pia nusu ya ndimu na majani ya giligilani ambayo siku ya kupiga picha hayakuwepo.

## Mambo ya msingi

Kusafisha picha kunaishia wapi na kudanganya kunaanzia wapi?

Jiulize jikoni walikusudia kutoa nini. Hakuna mpishi anayekusudia kuweka alama ya kidole ukingoni, kwa hiyo ukiifuta humnyimi mteja chochote. Lakini idadi ya sambusa, unene wake, rangi yake ya kukaangwa na nafasi inayobaki tupu kwenye sahani ni sehemu ya kile mteja anacholipia. Hivyo haviguswi hata kidogo.

Mapambo yako katikati. Ni chakula kama chakula kingine, tena mara nyingi ndiyo kitu cha kwanza mteja anachoona kimekosekana. Yanaruhusiwa kwa masharti yaliyoelezwa kwenye swali la mapambo ambayo hayakuwepo.

Chembe zipi nifute na zipi niache?

Futa zilizodondoka mbali na chakula: ukingoni, mezani, kwenye kitambaa, kwenye mpini wa uma. Acha zilizo juu ya chakula chenyewe. Magamba madogo ya manda juu ya sambusa ndiyo yanayoonyesha kwamba ni kavu na imetoka kwenye mafuta sasa hivi. Ukiyalainisha, sambusa inaanza kufanana na ya plastiki.

Pilau inahitaji uangalifu zaidi. Punje mbili tatu zilizokimbilia ukingoni futa bila wasiwasi. Punje za pembezoni mwa kilima cha wali ziache, kwa sababu hizo ndizo zinazochora umbo lake. Ukianza "kunyoosha" mstari huo, ama unapunguza wali ama unaongeza, na mara nyingi mkono huongeza.

Mafuta chini ya bajia au chipsi ni suala la kiasi. Tone lililoruka pembeni ni ajali. Dimbwi linalotokea kila siku ni tabia ya chakula hicho, na dawa yake iko kwenye chujio la jikoni.

Si bora nifute kabla ya kupiga picha?

Ndiyo, kila inapowezekana. Chovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye maji yenye siki kidogo, kamua, kisha pitisha ukingoni. Siki hukata mafuta na haiachi michirizi. Kwa chembe kavu tumia brashi laini ya rangi au kibano. Usipulize kwa mdomo: vipande vya manda ni vyepesi, vitahamia kwenye kachumbari, na huko kuvitoa ni kazi nyingine.

Dakika moja ya pamba inaokoa nusu saa ya kompyuta. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachoshughulikiwa na maswali yanayofuata.

## Kuondoa chembe

Nitumie zana gani?

Kwenye Photoshop, fungua leya mpya tupu juu ya picha, chagua Spot Healing Brush, weka alama kwenye Sample All Layers, kisha gusa kila chembe kwa brashi iliyoizidi kidogo tu kwa upana. Kwa kuwa unafanya kazi kwenye leya tupu, picha ya asili inabaki chini ilivyokuwa, na hilo utalihitaji wakati wa ukaguzi. Kwenye GIMP zana ni Heal: weka alama kwenye Sample merged, shikilia Ctrl na ubofye sehemu safi ya sahani, kisha paka juu ya chembe.

Kwa simu, Healing ya Snapseed inatosha kwa sahani nyeupe. Vuta picha kwa vidole viwili hadi chembe iwe kubwa, ndipo uguse. Ukigusa picha ikiwa ndogo, duara la zana linameza chembe pamoja na ukingo wa sahani.

Nikifuta chembe iliyo karibu na sambusa, panabaki ukungu wa kahawia. Kwa nini?

Zana za aina ya "healing" huchukua umbile kutoka sehemu moja na kulichanganya na rangi ya jirani. Jirani akiwa sambusa, rangi yake inavutwa hadi kwenye sahani. Hapo badili, tumia Clone Stamp: inanakili tu, haichanganyi. Shikilia Alt, bofya sahani safi iliyo umbali uleule kutoka kwenye kivuli, weka chaguo la Sample kuwa Current & Below, halafu paka.

"Umbali uleule kutoka kwenye kivuli" ndiyo siri yenyewe. Sahani nyeupe si nyeupe sawasawa. Karibu na chakula ina ujivu, na upande wa dirishani inang'aa. Ukinakili weupe wa dirishani na kuubandika chini ya sambusa, utapata kiraka ambacho jicho litakinasa hata kama halijui ni nini.

Pale chembe inapogusa sambusa kabisa, tengeneza kwanza uteuzi unaofuata ukingo wa sambusa, kisha paka upande wa sahani tu. Bila kizuizi hicho ukingo utaliwa kidogokidogo, na sambusa itakuwa imebadilika ukubwa bila wewe kukusudia.

Chini ya sahani kuna mkeka. Nikifuta chembe, mistari inakatika.

Tumia Clone Stamp na uanze kwenye makutano ya ukili. Bofya makutano fulani kama chanzo, kisha anza kupaka kwenye makutano yanayofanana nayo, si katikati ya mstari. Njia hiyohiyo inafaa kwa kitambaa cha miraba na kwa sahani za bati zenye maua. Kwa kitenge chenye michoro mikubwa, mimi huacha chembe ilivyo kama ni moja. Ua lililopinda linaonekana kuliko chembe.

Je, nifute kila kitu ninachokiona nikivuta picha?

Hapana. Angalia picha itatumika kwa ukubwa gani. Picha ya upana wa sentimita 8 kwenye menyu ya kuchapwa kwa dpi 300 inahitaji takriban pikseli 945 tu. Faili ya kamera yenye pikseli 6000 itapunguzwa zaidi ya mara sita, na chembe ya pikseli tano itayeyuka yenyewe. Punguza nakala hadi ukubwa wa mwisho, itazame, na ufute kinachoonekana hapo.

## Kuongeza mapambo

Naruhusiwa kuongeza pambo ambalo halikuwepo siku ya kupiga picha?

Kwa masharti mawili. La kwanza, jikoni wakubali kwamba kuanzia menyu itakapotoka, kila sahani itatoka na pambo hilo. Usiridhike na kauli ya bosi mezani. Muulize mpishi wa zamu ya jioni. Kama giligilani huisha saa tisa alasiri, isiwe kwenye picha.

La pili, pambo liwe la kiasi kitakachotolewa. Nusu ndimu kwenye picha na robo mezani ni uongo mdogo, lakini ni uongo kuhusu kipimo, na ndicho kitu kilekile unachojaribu kukilinda kwenye sambusa.

Pambo nilipate wapi: mtandaoni au nilipige mwenyewe?

Lipige mwenyewe. Giligilani ya mtandaoni imepigwa kwa mwanga mwingine na lenzi nyingine, na utapoteza muda mwingi kuifananisha kuliko ambao ungetumia kwenda gengeni kununua fungu.

Kwa sambusa zetu kazi huenda hivi. Rudi kwenye meza ileile saa ileile, kwa sababu jua la dirishani hubadili upande. Weka sahani ileile ikiwa tupu, kamera kwenye stendi kwa urefu na umbali uleule, na lenzi kwenye kipimo kilekile cha kuvuta. Fungua picha ya kwanza kwenye simu na ulinganishe mpaka ukingo wa sahani ukae palepale. Kata ndimu na uiweke mahali itakapokaa, kisha piga.

Kwa majani yatakayolala juu ya sambusa, sahani tupu haitoshi. Weka sambusa nyingine, yoyote ya urefu sawa, na utandaze majani juu yake. Jani lililopigwa likiwa chini kabisa ya sahani huwa mbali kidogo na kamera, na kivuli chake huangukia eneo bapa. Ukilipandisha juu ya sambusa litaonekana linaelea. Hiyo sambusa ya pili haiingii kwenye picha ya mwisho. Kazi yake ni kubeba majani.

Ukiwa na picha mbili zilizopigwa hivyo, unaweka ya pambo juu ya ya chakula, unaificha yote kwa barakoa ya leya, kisha unafunua pambo pamoja na kivuli chake kwa brashi laini. Kivuli kinakuja kikiwa cha kweli, hukichori.

Kwa nini naambiwa nisibadili ukubwa wa ndimu? Ni pambo tu.

Kwa sababu ndimu ni rula. Mteja hajui sahani yako ina kipenyo gani, lakini ndimu ameishika tangu utotoni na anajua inajaa vipi mkononi. Jicho lake hupima sambusa kwa ndimu bila yeye kujitambua.

Fanya jaribio hili. Chukua picha yako yenye nusu ndimu na uipunguze ndimu hadi asilimia 75. Sambusa hazijaguswa hata pikseli moja, lakini sasa zinaonekana za kushiba. Ukiikuza ndimu, zinakuwa vitafunwa vya harusini. Majani ya giligilani, vipande vya nyanya, pilipili mbuzi na hata uma hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo pambo libandikwe kwa asilimia 100, kutoka kwenye picha iliyopigwa kwa umbali uleule. Kama umelazimika kulibadili ukubwa kwa sababu kamera ilisogea, tumia sahani kuwa kipimo: pima upana wa sahani kwa pikseli kwenye picha zote mbili. Ikiwa ya chakula ni 3000 na ya pambo ni 3200, pambo lipunguzwe hadi asilimia 93.75, basi. Na usibandike limau mahali ambapo jikoni wanatoa ndimu, maana limau ni kubwa zaidi na ukubwa unaobadilika ni wa kila kitu kilicho jirani yake.

Sikuweza kupiga kivuli. Nikichore vipi?

Tengeneza leya chini ya pambo, iweke Multiply, na upake kwa brashi laini yenye Opacity ya asilimia 15 hadi 25, ukirudia palipo na giza zaidi. Usitumie nyeusi kavu. Chukua rangi kutoka kwenye kivuli halisi cha sambusa. Kwa mwanga wa dirisha mara nyingi ina ubuluu kidogo. Kivuli kiwe chembamba na chenye giza pale pambo linapogusa sahani, kisha kisambae na kufifia kuelekea upande ambao vivuli vingine vimelala. Kitu kinachokosekana mara nyingi ni ule mstari mwembamba wa giza mahali pa kugusana. Bila huo, ndimu haijakaa mahali.

Majani yangu yanaonekana ya kubandikwa ingawa kivuli kiko sawa.

Angalia ukali. Kama sambusa ya nyuma imefifia kwa sababu haiko kwenye fokasi, jani lililo juu yake nalo lififie kwa kiasi hicho. Angalia pia weupe wa sahani kwenye picha zote mbili: ukitofautiana, rangi ya jani itatofautiana pia. Halafu hesabu majani. Jani lilelile likirudiwa mara mbili, hata likigeuzwa, litajulikana kwa mpasuko wake. Piga picha ya vishada vitatu vinne tofauti uwe na akiba.

Na kama uliyapiga kwa simu kwenye hali ya "portrait", piga tena. Ukungu wa hali hiyo unakadiriwa na programu, na vikonyo vyembamba vya giligilani huliwa ovyo.

## Kulinda kipimo

Nitahakikishaje kwamba sijagusa chakula chenyewe?

Weka nakala ya picha ya asili juu kabisa ya leya zote na ubadili hali yake iwe Difference. Hali hiyo ipo Photoshop na ipo GIMP. Kila kisichobadilika kinageuka cheusi, na kila ulichogusa kinawaka. Kwenye Photoshop ongeza leya ya Levels juu yake, ivute upande wa mwanga ili mabadiliko hafifu nayo yatokee.

Kwa picha yetu unatarajia nukta ukingoni mwa sahani, umbo la nusu ndimu, na majani. Ukiona uzi mwembamba unaozunguka sambusa, umekula au umeongeza ukingo wake. Rudi kwenye leya ya kusafisha na ufute sehemu hiyo. Ukiona picha nzima inawaka kama michoro ya kingo, leya imesogea. Fanya ukaguzi huu kabla ya kurekebisha mwanga na rangi, kwa sababu baada ya hapo kila kitu kitawaka.

Snapseed haina hali hiyo. Bonyeza picha na uishikilie ili uone ya asili, achia, rudia, huku jicho likiwa kwenye ukingo wa sambusa moja kwa wakati.

Sijabadili kitu, lakini mwenye mgahawa anasema sambusa zinaonekana kubwa kuliko halisi.

Huenda ni lenzi. Simu ikisogezwa karibu sana, kilicho mbele kinavimba na cha nyuma kinasinyaa. Rudi nyuma hatua moja na utumie 2x. Huenda pia umekata picha mpaka ukingo wa sahani ukapotea. Bila ukingo, hakuna anayejua sahani ina nafasi tupu kiasi gani. Acha angalau ukingo wa upande mmoja uonekane.

Na angalia pambo limekaa wapi. Kishada cha giligilani kilichoziba pengo ambalo lingekuwa tupu kinajaza sahani kwa macho. Kama jikoni wanakiweka hapo, sawa. Kama wanakiweka juu ya sambusa, kiweke juu ya sambusa.

Je, kila kitu kikiwa cha kweli, picha bado inaweza kuwa ya uongo?

Inaweza. Kesi inayotajwa sana ni ya supu ya Campbell huko Marekani. Kwenye matangazo, mboga zilikuwa zinazama, kwa hiyo gololi za kioo ziliwekwa chini ya bakuli ili mboga zikae juu. Mboga zilikuwa za supu hiyohiyo. Mwaka 1970 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilimaliza shauri hilo kwa amri ya kampuni kuacha, kwa sababu mtazamaji aliona mboga nyingi kuliko anazopata.

Gololi za leo ni sahani iliyopinduliwa chini ya wali, kijiti cha meno kinachosimamisha sambusa, au nyama zote zilizopandishwa juu ya pilau wakati mteja huzikuta zimefukiwa. Hakuna kati ya hizo inayohitaji kompyuta.

Nikiandika "Picha ni kwa mfano tu", nimejikinga?

Usiitegemee. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mienendo ya kupotosha walaji na kusimamiwa na Tume ya Ushindani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayokataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Maandishi madogo chini ya ukurasa hayafuti kile picha kubwa ilichoahidi. Yanafaa kwa mambo madogo kweli, kama rangi ya sahani.

## Hali zisizo za kawaida

Tunauza pia nusu sahani. Naweza kufuta sambusa mbili kwenye picha ya nne?

Usifute, piga upya. Ukifuta sambusa mbili unalazimika kubuni sahani iliyokuwa chini yake, na sambusa zilizobaki zinabaki na vivuli vya jirani ambao hawapo. Zaidi ya hayo, nusu sahani mara nyingi hutoka kwenye kisahani kidogo, na ukubwa wa chombo ni sehemu ya ukweli.

Bei ya mafuta imepanda, sambusa zimepunguzwa. Picha ya zamani bado inafaa?

Haifai, hata kama hukuwahi kuihariri. Ndiyo maana kila picha ya menyu ihifadhiwe na picha ya pili isiyochapwa: sahani ileile juu ya mizani, ukiwa umeondoa uzito wa sahani, namba ikisomeka. Mambo yakibadilika, mpishi anapima sahani ya leo na mnajua mara moja kama picha imepitwa.

Naweza kunyunyizia ufuta au korosho kwa kuwa zinapendeza?

Hapa usafi wa kipimo ni shida ndogo. Kuna watu ambao ufuta na korosho huwadhuru vibaya, na wanasoma menyu kwa macho kabla ya kuuliza. Ukiviweka kwenye picha tu, wasiovila wataikwepa sahani isiyo na madhara. Jikoni wakivinyunyizia bila kuwa kwenye picha, hatari ni kubwa zaidi. Kinachonyunyizwa kiandikwe kwenye maelezo ya chakula, kionekane kwenye picha, na kiwe kwenye sahani.

Mwenye mgahawa anasisitiza niongeze sambusa ya tano "ipendeze kidogo". Nimjibu nini?

Mwambie: "Bosi, ya tano naiweka sasa hivi, ila mwambie mhudumu aanze kutoa tano." Kwa kawaida mazungumzo yanahamia kwenye gharama, na hapo yeye mwenyewe anapiga hesabu. Ukimpa njia nyingine ya kupata anachotaka atakusikia zaidi: sahani ndogo zaidi, ya kweli, ambayo hata mezani sambusa nne zitaijaza. Akikubali kununua sahani hizo, piga picha baada ya kufika, si kabla.